Jua Kali, Betri Haijai: Angalia Waya Unaotoka Kwenye Paneli

Malalamiko haya yamezoeleka kwa watumiaji wa sola. Paneli mbili za wati 100 ziko juu ya bati, betri ina miezi michache tu, jua linawaka kutwa nzima, lakini ikifika saa tatu usiku televisheni inazimika. Muuzaji wa betri anasema paneli hazitoshi. Muuzaji wa paneli anasema betri ni mbovu. Fundi anashauri iongezwe paneli ya tatu. Waya unaoshuka kutoka kwenye paneli hadi kwenye kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji ya betri, hauingii kabisa kwenye ubishi huo, maana umeunganishwa vizuri, haupati moto, na ukiupima mwishoni unaonyesha volti nyingi kuliko za betri.

Kabla ya kununua paneli ya tatu, waya huo unastahili kupigiwa hesabu. Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha na kugawanya tu, lakini imezungukwa na imani kadhaa ambazo zimewagharimu watu betri nzima nzima.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Volti ni msukumo wa umeme. Ampea ni wingi wa umeme unaopita kwenye waya kwa wakati mmoja. Ukinzani ni ugumu ambao waya unauwekea umeme huo, nao hupimwa kwa omu. Umeme ukipita kwenye waya, sehemu ya msukumo huliwa na ukinzani njiani, na kinachofika upande wa pili ni pungufu. Upungufu huo ndio tunaouita kushuka kwa volti. Unakua kadiri ampea zinavyoongezeka na kadiri waya unavyorefuka, na unapungua kadiri waya unavyonenepa.

Unene nao una utata wake. Waya ukiandikwa 2.5, namba hiyo si kipenyo, wala haihusiani na unene wa plastiki ya nje. Ni eneo la shaba unayoiona ukiukata waya kwa kisu na kuutazama kichwani, likihesabiwa kwa milimita za mraba. Saizi zinazopatikana madukani ni 1.5, 2.5, 4, 6, 10 na 16. Waya wa 1.5 ndio unaotumika kwenye taa za nyumba yenye umeme wa gridi, na wa 2.5 ndio wa soketi. Kwa kuwa ndio uliojaa madukani, ndio pia unaoishia kwenye paa la sola.

Hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Umeme wa gridi ni volti 230. Waya ukila volti mbili au tatu kati ya 230, hakuna atakayejua. Kwenye sola ya volti 12, volti mbili na nusu zikiliwa njiani umepoteza zaidi ya moja ya sita ya msukumo wote ulionao. Aidha, ili kubeba wati zilezile kwa volti ndogo, ampea lazima ziwe nyingi, na ampea ndizo zinazoongeza upungufu. Waya uliofaa sana sebuleni unaweza usifae hata kidogo kwenye paa.

Nyumba yenye mwembe

Tuchukue nyumba moja ya mfano, iwe Handeni. Paa kubwa linafunikwa na kivuli cha mwembe kuanzia saa nane mchana, kwa hiyo paneli zimewekwa juu ya banda la jiko, ambalo liko wazi. Kutoka kwenye paneli hadi kwenye kontrola iliyoko sebuleni, waya ukifuata ukuta, ni mita 15. Paneli ni mbili za wati 100, za aina inayouzwa kama paneli za volti 12, na zimeunganishwa sambamba: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Kila moja inatoa takriban ampea 5.5 jua likiwa kali, jumla ampea 11. Kontrola ni ya PWM, aina ya bei nafuu ambayo kazi yake kubwa ni kuunganisha paneli moja kwa moja na betri na kukata inapojaa. Fundi ametumia waya wa 2.5.

Hesabu ni hii:

```
V = 2 × L × I × 0.02 / A
```

V ni volti zinazopotea, L ni urefu wa njia kwa mita, I ni ampea, na A ni eneo la shaba. Ile 2 ipo kwa sababu umeme huenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, na watu wengi huisahau. Njia ya mita 15 ni mita 30 za shaba. Ile 0.02 ni ukinzani wa shaba iliyopata joto: waya wa mita moja wenye eneo la milimita moja ya mraba una omu 0.0172 kwenye nyuzijoto 20, lakini ukianikwa juani hadi nyuzijoto 60 unafika karibu 0.02. Waya wetu uko juu ya bati, basi namba ya joto ndiyo ya haki.

Mita 30 mara 0.02 gawanya kwa 2.5 ni omu 0.24. Zidisha kwa ampea 11, unapata volti 2.64.

Je, hizo volti 2.64 zinaumiza? Lebo ya nyuma ya paneli inasema inafanya kazi vizuri zaidi kwenye volti 18. Betri ya asidi inahitaji volti 14.4 ili ijae. Ukitoa, inabaki nafasi ya volti 3.6, na ndiyo maana mafundi wengi hawana wasiwasi. Lakini zile 18 zimepimwa maabara, seli zikiwa na nyuzijoto 25. Paneli iliyolala juu ya bati saa saba mchana ina nyuzijoto 65 bila shida, na kila nyuzi inayoongezeka inapunguza volti zake kwa karibu asilimia 0.4. Nyuzi 40 za ziada zinakula asilimia 16. Zile 18 zimebaki 15 na kidogo, tuseme 15.2. Nafasi halisi tuliyo nayo ni volti 0.8, na waya peke yake unadai 2.64.

Hata hivyo chaji haikatiki, na hili ndilo linalowapoteza watu. Asubuhi betri iko kwenye volti 12.4. Paneli inatakiwa kusukuma 12.4 za betri pamoja na 2.64 za waya, jumla 15.04, nayo inaziweza. Kontrola inaonyesha ampea zote 11 na mwenye nyumba anaridhika. Kadiri betri inavyojaa, volti zake zinapanda, na ikikaribia 14.4 paneli inatakiwa kufikisha zaidi ya 17, ambazo kwenye joto lile hazipo. Kinachotokea ni kwamba ampea zinapungua mpaka upungufu kwenye waya uwe mdogo wa kuvumilika. Kwa makadirio zitashuka hadi kama 9. Kama fundi angetumia waya wa 1.5, zingeshuka hadi karibu 7.

Kwa maneno mengine, waya mwembamba unaiba mwishoni mwa chaji, si mwanzoni. Na mwisho ndio sehemu ambayo betri ya asidi inauhitaji sana, kwa sababu inapaswa kukaa saa kadhaa kwenye volti za juu ili ijae kikweli. Ikiwa mchana kuna friji ndogo au redio inayochota hapo hapo, betri inaishia asilimia 80 au 85 kila siku, jua linazama. Betri ya asidi isiyojaa kwa wiki nyingi mfululizo hujenga chumvi ngumu ya salfeti kwenye bamba zake za risasi, na hiyo ikishakomaa haiondoki. Baada ya mwaka fundi anaipima, anatangaza kwamba betri ni feki, na mpya inafungwa kwenye waya uleule.

"Waya haupati moto, basi unatosha"

Imani hii ina mantiki yake. Waya ukibeba umeme kupita uwezo wake hupata moto, na hilo ni suala la usalama. Lakini kuna tofauti kati ya waya usioungua na waya usioiba. Waya wa 2.5 unabeba ampea 11 bila hatari yoyote. Wakati huohuo, kwenye ile nyumba yetu, unapoteza wati 29 kati ya 200 kama joto. Mbona mkono hauhisi kitu? Kwa sababu wati hizo 29 zimetawanyika kwenye mita 30 za waya, chini ya wati moja kwa kila mita. Jua lenyewe linaupasha waya huo kuliko umeme uliomo.

Imani ya pili ni ya mita ya kupimia. Fundi anachomoa waya kwenye kontrola, anaweka ncha za mita, anasoma volti 20, anasema waya mzima. Kipimo hicho hakina maana kwa swali tulilo nalo. Fikiria mpira mrefu mwembamba wa kumwagilia bustani uliofungwa kwenye bomba. Ukiuziba mwisho kwa kidole, msukumo unaousikia kidoleni ni uleule wa bombani, hata mpira uwe mwembamba kiasi gani. Ukikitoa kidole, maji yanatoka kwa unyonge. Waya uliochomolewa ni mpira uliozibwa: hakuna ampea zinazopita, kwa hiyo hakuna volti zinazopotea.

Kipimo cha kweli hufanyika umeme ukiwa unapita. Chagua saa nne au saa tano asubuhi, anga likiwa safi na betri bado haijajaa, kwa sababu kontrola ya PWM ikikaribia kujaza huanza kukata na kuunga haraka haraka na mita inasoma namba zinazorukaruka. Pima volti pale waya wa paneli unapoingia kwenye kontrola, kisha pima juu kwenye paneli, pale waya mrefu unapoanzia. Soma ampea kwenye skrini ya kontrola. Usipitishe ampea 11 ndani ya mita ya kawaida, maana nyingi huishia 10, na mita nyingi za kubana waya kwa nje zinasoma umeme wa gridi tu.

Tuseme juu umepata 15.8, chini 13.4, na skrini inasema ampea 10. Tofauti ni 2.4. Gawanya kwa 10, waya wako una omu 0.24, sawasawa na hesabu ya waya wa 2.5 wa mita 15. Hapo shida ni wembamba tu. Ungepata omu 0.38 au 0.4 kwenye waya ulioandikwa 2.5, kuna kitu kingine. Anza na viungio: weka ncha moja ya mita upande huu wa kiungio na nyingine upande ule, kwenye waya uleule, umeme ukiwa unapita. Kiungio kizuri kinasoma karibu na sifuri. Kikisoma sehemu ya kumi ya volti au zaidi, kifunguliwe. Waya zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa nailoni nyeusi hushika kutu mvua za kwanza tu, na tofauti na waya wenyewe, kiungio kibovu hupata moto kwelikweli, kwa kuwa joto lake lote liko sehemu moja.

Viungio vikiwa vizuri na ukinzani bado ni mkubwa, ushuku waya wenyewe. Sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba nje. Unang'aa wekundu uleule, lakini ukinzani wake unazidi wa shaba kwa zaidi ya mara moja na nusu. Ukwangue uzi mmoja kwa wembe: ukitoa weupe ndani, si shaba. Pia ni mwepesi mkononi kuliko unavyotarajia. Udanganyifu mwingine ni wa shaba halali lakini pungufu. Waya wa sola wa 4 kwa kawaida una nyuzi 56 zenye kipenyo cha milimita 0.3. Kipenyo mara kipenyo mara 0.785 mara idadi ya nyuzi kinakupa eneo, na hapo inatoka 3.96. Nyuzi zikiwa 56 zilezile lakini kila moja ina milimita 0.25, eneo ni 2.75 tu, hata kama plastiki ya nje imeandikwa 4 na ni nene ya kupendeza.

Sasa waya gani?

Kanuni inayotajwa sana ni kwamba upungufu usizidi asilimia 3 kati ya paneli na kontrola. Ni kanuni nzuri ya kuanzia, ila kwenye volti 12 na kontrola ya PWM mimi naona swali bora ni hili: je, saa saba mchana paneli iliyochemka itafikisha 14.4? Kwa nyumba yetu tuna nafasi ya volti 0.8. Waya wa 4 unapoteza 1.65, haufai. Wa 6 unapoteza 1.1, umezidi kidogo, lakini ampea zinazopungua ni chache na kwa nyumba nyingi inavumilika. Wa 10 unapoteza 0.66, unaingia ndani ya nafasi.

Tatizo la wa 10 ni kwamba kontrola nyingi ndogo zina matundu yasiyopokea zaidi ya wa 6, na plagi za kawaida za waya wa paneli, zinazoitwa MC4, nazo huishia hapo. Mafundi wengine hupunguza nyuzi chache ili waya uingie tunduni. Usikubali. Kuna njia safi zaidi: badala ya kuziunganisha paneli juu ya bati na kushusha jozi moja ya waya, kila paneli ishushiwe jozi yake. Kila jozi inabeba ampea 5.5 tu. Jozi ya waya wa 4 inapoteza volti 0.83, ile ya 6 inapoteza 0.55. Zinakutana chini, karibu na kontrola, kwenye terminali madhubuti, kisha kipande kifupi cha waya mnene kinaingia ndani. Unanunua mita nyingi zaidi za waya, ndiyo, lakini ni za saizi inayopatikana na kila kitu kinaingia mahali pake.

Njia nyingine ni kubadilisha mpangilio wote. Paneli zikiunganishwa mfululizo, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, ampea zinabaki 5.5 na volti zinakuwa mara mbili, karibu 30 kwenye joto. Upungufu kwenye ule waya wa 2.5 wa mwanzo unashuka hadi 1.32, kiasi cha asilimia 4. Kwa waya wa 4 ni 0.83, chini ya asilimia 3, na wati zinazopotea kwenye waya uleule ni robo ya zile za awali. Lakini hili linahitaji kontrola ya MPPT, ambayo inabadilisha volti za ziada kuwa ampea. Kwenye PWM ya volti 12, paneli mbili za mfululizo zinakupa ampea 5.5 tu na nusu ya wati zako inapotea bure.

Kabla ya kuunga mfululizo, soma kwenye kontrola kiwango cha juu cha volti za paneli. Paneli hizi zikiwa hazijachotwa zinafika 22 kila moja, mbili ni 44, na asubuhi ya baridi zinapanda zaidi. Kontrola isiyozimudu inaweza kuungua siku hiyohiyo. Tena si kila kifaa kilichoandikwa MPPT ni MPPT. Kipimo ni rahisi: kwenye MPPT halisi, jua likiwa kali na betri ikiwa na njaa, ampea zinazotoka kwenda kwenye betri ni nyingi kuliko zinazoingia kutoka kwenye paneli. Hapa zingeingia 5.5 na kutoka kama 12. Zikilingana, umeuziwa PWM yenye jina la MPPT.

Limebaki suala la mahali pa kuweka kontrola. Kuna wanaoisogeza karibu na paneli ili kufupisha waya huo, halafu betri inakaa mbali. Wanahamisha upungufu kwenda mahali pabaya zaidi. Kontrola inajua hali ya betri kwa kupima volti kwenye matundu yake yenyewe. Betri ikiwa mita 4 kutoka hapo kwa waya wa 2.5, ampea 11 zinakula volti 0.7 njiani, kwa hiyo kontrola inaona 14.4 na kuanza kupunguza chaji, wakati betri iko 13.7. Hata ungekuwa na paneli sita, betri hiyo ingebaki inacheleweshwa na kipimo cha uongo. Iweke kontrola ndani ya mita moja kutoka kwenye betri kwa waya wa 6, ambapo upungufu ni karibu volti 0.07 tu, na uache urefu wote ubaki upande wa paneli, ambako unaweza kuumudu kwa unene.

Na kama mwembe utakubali kupunguzwa matawi mawili upande wa magharibi, paneli zikarudi juu ya paa la nyumba mita 6 kutoka kwenye kontrola, jozi moja ya waya wa 6 itapoteza volti 0.44 na PWM yako ya zamani itatosha kabisa.